Kujilazimisha kufurahi: dhana potofu na ukweli

"Najiambia nifurahi, sifurahi. Nina tatizo gani?" Katika chumba cha ushauri nasaha swali hili halinipiti wiki. Anayeuliza huwa ameshapewa dawa moja na watu wanaompenda: jiambie una furaha, moyo utafuata.

Dhana: Ukijiambia "nina furaha" mara nyingi, furaha itakuja

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa sababu humwongezea mzigo mtu aliyekwisha kuelemewa.

Ukijipa amri ya kufurahi, lazima ujichungulie kuona kama umetii. Mwaka 1994 mwanasaikolojia Daniel Wegner alieleza kinachotokea hapo. Sehemu moja ya akili hutafuta mawazo ya furaha, nayo inahitaji nguvu. Nyingine husaka dalili kwamba huzuni bado ipo, nayo hujiendesha yenyewe bila kuchoka. Usiku ambao hujalala, au siku umesongwa na mambo, ile ya kwanza hulegea na ya pili huendelea kusaka. Kwa hiyo amri hiyo hushindwa siku ileile unayoitegemea zaidi.

Mwaka 2003 Jonathan Schooler, Dan Ariely na George Loewenstein walichapisha jaribio ambalo watu walisikilizishwa muziki wa mtunzi Mrusi, Stravinsky. Wengine waliachwa wausikilize tu, wengine waliambiwa wajitahidi kufurahi kadiri wawezavyo, na wapo walioambiwa wajipime furaha yao muziki ukiendelea. Kujitahidi kuliharibu furaha, na kujipima vilevile. Na hawa hawakuwa wafiwa wala wagonjwa. Walikuwa watu wamekaa wanasikiliza muziki.

Nichukue mfano wa mteja mmoja, mambo ya kumtambulisha nimeyabadilisha. Ni mwalimu wa shule ya msingi, alifiwa na mama yake. Baada ya arobaini, ndugu walimwambia inatosha sasa, jikaze. Akawa kila asubuhi anasimama mbele ya kioo na kusema "mimi nina furaha", halafu mchana kutwa anajikagua. Alipocheka na walimu wenzake, papo hapo alijiuliza kama kicheko ni cha kweli, na kikakatika. Jioni alikuwa na huzuni ya mama, na juu yake aibu ya kushindwa kufurahi. Hii ya pili ndiyo iliyokuwa inamkosesha usingizi.

Tuliacha kioo. Badala yake nilimpa zoezi ninalompa karibu kila mtu, na sichoki kulisisitiza: hisia ikija, itaje kwa jina lake halisi na sababu yake, kwa sentensi moja, kisha rudi kwenye unachofanya. Kwake ikawa, "Nina huzuni, leo Jumapili na sina wa kumpigia simu." Kutaja hisia kwa maneno hupunguza makali yake kwa watu wengi, haiifuti. Pia tulipanga jambo dogo lenye siku na saa: kwenda sokoni na dada yake Jumamosi asubuhi. Sharti lilikuwa aende, si afurahi. Baada ya majuma kadhaa huzuni ilikuwapo bado, lakini alikuwa amelala, na siku moja alikuja kunisimulia kichekesho cha darasani bila kujikagua kama alicheka kweli.

Dhana: Ukiizungumzia huzuni unaipalilia

Inategemea unavyoizungumzia. Kuitaja na kumweleza mtu mmoja anayesikiliza husaidia. Kuzungusha swali la "kwa nini mimi" saa nzima, bila kufika popote, huongeza uchungu. Ukiona umerudia sentensi ileile mara ya tatu, simama, badilisha mahali ulipo, fanya kazi ya mikono.

Dhana: Ficha tu, itapita

Wanasaikolojia James Gross na Robert Levenson walipowataka watu wafiche hisia zao wakitazama filamu za kuhuzunisha, nyuso zilitulia, lakini huzuni waliyoihisi haikupungua, na mwili ulionyesha dalili za kufanya kazi zaidi. Kujizuia mbele ya wanafunzi au kwenye kikao ni sawa kwa muda. Kufanya hivyo nyumbani, kwa miezi, ni jambo jingine.

Dhana: Mwenye imani hahuzuniki

Naomba tuache kumwambia mfiwa hivi. Mtume Muhammad alimlilia mwanawe Ibrahim. Yesu alilia kwenye kaburi la Lazaro. Shukrani na machozi hukaa pamoja.

Dhana: Kuikubali huzuni ni kukata tamaa

Kuikubali ni kuacha kupigana na hisia; hali yenyewe unaendelea kuishughulikia. Lakini kuna mpaka. Huzuni, au kukosa hamu hata ya vitu ulivyovipenda, ikikaa karibu kutwa nzima, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na usingizi au hamu ya kula kuharibika, inaweza kuwa sonona, na zoezi la sentensi moja halitoshi. Nenda hospitali. Yakija mawazo ya kujidhuru au kutaka kufa, usingoje wiki mbili: mwambie mtu aliye karibu akupeleke leo.