Kusoma kasi ya badiliko kwenye jedwali: kila jibu lina mahali pake

Jedwali halina kanuni ya kunyambua. Lina safu mbili za namba tu, na swali linaloulizwa ni hili: pale penye namba hii, kitu kilikuwa kinabadilika kwa kasi gani? Wengi wanajua hatua ya kwanza, yaani kuchukua tofauti ya matokeo na kuigawa kwa tofauti ya muda. Ninachotaka kukieleza leo ni kile kinachosahaulika baada ya kugawa: jibu hilo ni la wakati upi, na lina kizio gani.

Tuchukue maji ya moto yanayopoa, yakipimwa kila baada ya dakika 5.

| Muda t (dakika) | Jotoridi T (nyuzi za Selsiasi) |
|---|---|
| 0 | 90.0 |
| 5 | 75.6 |
| 10 | 64.4 |
| 15 | 55.7 |
| 20 | 48.9 |

Namba hizi nimezitoa kwenye kanuni T = 25 + 65e^(−0.05t) na kuzikadiria hadi desimali moja, ili kila kadirio tuweze kulikagua. Kwa kanuni hiyo, kasi halisi katika dakika ya 10 ni −1.97. Tuisahau kwa sasa, tubaki na jedwali.

Tukitazama mbele kutoka dakika ya 10, uwiano wa tofauti ni (55.7 − 64.4) ÷ 5 = −1.74. Tukitazama nyuma, ni (64.4 − 75.6) ÷ 5 = −2.24. Majibu mawili kwa swali moja, na yanapishana kwa nusu nzima. Hakuna aliyekosea hesabu. Kila moja ni jibu sahihi kwa wakati mwingine, si kwa dakika ya 10.

Uwiano wa tofauti ni wastani wa kasi katika kipindi kizima. Maji yanapoa haraka mwanzoni na polepole baadaye, kwa hiyo ndani ya kipindi kasi haitulii. Wastani huo hufikiwa karibu na katikati ya kipindi. Ukitaka kuona sababu, jaribu na t². Kati ya a na b, uwiano wake ni (b² − a²) ÷ (b − a), yaani a + b. Kasi yake kamili mahali popote ni 2t, nayo huwa sawa na a + b pale hasa t inapokuwa (a + b) ÷ 2. Kwa t² jambo hili ni kweli kabisa. Kwa mkunjo mwingine uliolainika ni kweli kwa kukaribia, na kadiri kipindi kinavyokuwa kifupi ndivyo kukaribia kunavyozidi.

Basi −2.24 ni kasi ya dakika ya 7.5, na −1.74 ni ya dakika ya 12.5. Dakika ya 10 imekaa katikati yao, kwa hiyo wastani wao unatufaa: −1.99. Jibu hilohilo utalipata ukichukua jirani wa kila upande moja kwa moja, (55.7 − 75.6) ÷ 10, kwa kuwa katikati ya 5 na 15 ni 10. Tumefika karibu sana na −1.97.

Sasa tuseme kipimo cha dakika ya 15 hakipo, ila kuna cha dakika ya 12, nyuzi 60.7. Hapa ndipo naona watu wakiteleza. Wanachukua majirani wawili kama kawaida: (60.7 − 75.6) ÷ 7 = −2.13, kisha wanaandika kuwa ni kasi ya dakika ya 10. Lakini katikati ya 5 na 12 ni 8.5. Ukikagua kwa kanuni, kasi ya dakika ya 8.5 ni −2.12. Kadirio ni zuri mno, ila limebandikwa mahali pasipo pake.

Dawa ni kurudi kwenye vipindi viwili na kuvipa saa zao. Kipindi cha 5 hadi 10 kinatoa −2.24, nayo ni ya dakika ya 7.5. Kipindi cha 10 hadi 12 kinatoa −3.7 ÷ 2 = −1.85, ya dakika ya 11. Kutoka 7.5 hadi 11 ni dakika 3.5, na kufika 10 umekwenda 2.5, yaani sehemu 5 kati ya 7 za njia. Kasi nayo isogezwe kwa sehemu hiyohiyo: −2.24 + (5/7)(0.39), ambayo ni −1.96. Tazama kwamba kipindi kifupi ndicho kilichopewa uzito mkubwa zaidi, kwa kuwa katikati yake iko karibu na dakika ya 10.

Namba pekee bado haijasema kitu. Juu tumetoa nyuzi kutoka nyuzi, chini dakika kutoka dakika, kwa hiyo kizio ni nyuzi kwa dakika. Sentensi kamili inasomeka hivi: katika dakika ya 10, jotoridi la maji lilikuwa linashuka kwa takriban nyuzi 2 kila dakika. Alama ya hasi imeingia kwenye neno "linashuka", na ukiandika "linashuka kwa nyuzi −2" umeihesabu mara mbili. Pia sentensi hiyo haisemi kwamba dakika zinazofuata zote zitapoteza nyuzi 2. Kwa nusu dakika inatosha: 64.4 − 1.0 inatoa 63.4, na kanuni inatoa 63.45. Kwa dakika 10 ingetupa nyuzi 44.4, ilhali jedwali linasema 48.9.

Si lazima muda uwepo. Ukiwa na jedwali la ujazo wa maji kwenye tangi dhidi ya kimo chake, uwiano wa tofauti una kizio cha lita kwa sentimita. Ukipata 3, maana yake ni kwamba kwenye kimo hicho, kupandisha maji kidogo kunadai lita kwa kiwango cha 3 kwa kila sentimita. Na kwa kuwa lita 1 ni sentimita za ujazo 1000, sentimita za ujazo zikigawanywa kwa sentimita hubaki sentimita za mraba: umepata eneo la uso wa maji, sentimita za mraba 3000. Mtu aliyeacha vizio nje ya hesabu asingeliona hilo.

Swali la mwisho ninaloulizwa mara nyingi: kwa nini tusipime kila baada ya muda mfupi sana, ili vipindi vibane? Kwa sababu kipimajoto nacho kina kikomo. Kikisoma hadi 0.1, kila kipimo kinaweza kukosea hadi 0.05, na tofauti ya vipimo viwili hadi 0.1. Ukiigawa kwa dakika 10, kosa linalofika kwenye kasi halizidi 0.01. Ukipima kwenye 9.9 na 10.1, unaigawa kwa 0.2, na kosa linaweza kufika 0.5. Vipimo 64.6 na 64.2 vinatoa −2.0, cha pili kikisomeka 64.3, jibu linaruka hadi −1.5. Dalili ya hali hii ni kasi zinazopanda na kushuka bila mpangilio kutoka mstari mmoja wa jedwali hadi mwingine, huku jotoridi lenyewe likishuka kwa utulivu. Ukiona hivyo, ruka mistari kadhaa kila upande na ugawe kwa kipindi kirefu zaidi, mradi mahali unapopatafuta pabaki katikati.