Anwani inayoanza na blob: nyuma yake kuna nini, na kwa nini haihifadhiki

Barua pepe iliyofika kwenye dawati letu la msaada wa TEHAMA ilikuwa na mstari mmoja: "Naombeni mnisaidie kupakua video hii, nimehangaika nayo tangu jana." Chini yake palikuwa na kiungo. Jina la tovuti nimelibadilisha, mengine nimeyaacha yalivyo:

```
blob:https://mafunzo.example/3f2b9c1e-7a44-4d0b-9e61-5c8a2f70d913
```

Ilibidi tumjibu kwamba alichotutumia hakiwezi kufunguka kwetu, wala kwa mtu mwingine yeyote. Na kama tayari alikuwa amekifunga kile kichupo alichokuwa akitazamia, hata kwake hakifunguki tena. Alidhani tunamkwepa. Maombi ya namna hii tunayapokea mara kwa mara, kwa hiyo nieleze jambo lenyewe kwa nafasi.

Anwani ya kawaida ya wavuti, ile inayoanza na https, ni maelekezo ya safari. Inataja seva, kisha inataja njia ya kufikia faili ndani ya seva hiyo. Ukimpa mwenzako, naye atasafiri njia hiyo hiyo afike pale pale. Anwani ya blob haina safari. Ni kama ile namba anayopewa mtu anapoacha mzigo wake kaunta: namba haisemi mzigo umetoka wapi, na ukiipeleka kwenye kaunta nyingine utarudishwa. Kaunta hapa ni kivinjari chako mwenyewe, na mzigo ni kitu ambacho msimbo wa ukurasa umekishika kwenye kumbukumbu ya kompyuta yako wakati huo.

Lile rundo la herufi na tarakimu lililo mwishoni ndiyo namba yenyewe, na kivinjari huitunga papo hapo bila mpangilio. Fungua ukurasa ule ule mara mbili, utapata namba mbili tofauti. Katikati kuna jina la tovuti, na hilo ndilo linalowapoteza wengi. Limewekwa pale ili kivinjari kijue ni tovuti gani yenye haki ya kuitumia namba hiyo. Halina maana kwamba kitu kiko kwenye seva ya tovuti hiyo. Aliyetuandikia alikuwa ameshajaribu ujanja ambao karibu kila mtu huujaribu: kufuta neno `blob:` mwanzoni na kuacha sehemu ya https. Akapata ukurasa wa 404, na seva ilikuwa na haki kumjibu hivyo, kwa kuwa haijawahi kuiona namba hiyo. Ukiipa anwani nzima programu ya kupakua kama `curl`, hata kwenye mtandao haitoki. Inaikataa hapo hapo, kwa kuwa si anwani inayojua kuifuata.

Kutokana na hili utajua pia la kufanya ukikutana na tovuti inayokwambia "bandika kiungo chako cha blob hapa tukupakulie". Haiwezi. Seva yao haina njia ya kuingia kwenye kumbukumbu ya kivinjari chako. Ikikutaka usakinishe programu au uandike nenosiri ili "ikamilishe upakuaji", ifunge.

Sasa, je, nyuma ya namba kuna nini? Majibu ni mawili, na tofauti yake ndiyo inayoamua kama utaweza kuhifadhi kitu au la. Tazama jinsi mtunzi wa ukurasa anavyoipata anwani. Hapa ana faili zima mkononi:

```
const anwani = URL.createObjectURL(faili);
video.src = anwani;
```

Na hapa hana faili:

```
const chanzo = new MediaSource();
video.src = URL.createObjectURL(chanzo);
```

Anwani zinazotoka huku na huku zinafanana kabisa kwa sura. Lakini katika mfano wa kwanza kuna furushi lililokamilika, lenye mwanzo, mwisho na ukubwa unaojulikana. Katika wa pili kuna bomba tupu. Msimbo wa ukurasa unaleta kipande kidogo cha video kutoka kwenye seva, unakimimina kwenye bomba, kinachezwa, kisha unaleta kingine. Tovuti nyingi zinazoonyesha video ndefu hutumia njia hii ya pili, na sababu kubwa ni kasi ya mtandao. Mtandao ukilegea, msimbo huleta vipande vya ubora wa chini. Ukichangamka, hurudi kwenye ubora wa juu, na mtazamaji haoni video ikikatika.

Kwa bomba, swali la "nihifadhi faili lipi?" halina jibu. Kwa video ndefu, kwa kawaida hakuna wakati ambapo video nzima imekaa mahali pamoja ndani ya kompyuta yako. Vipande vya mbele havijafika, na vya nyuma kivinjari huvitupa ili kumbukumbu isijae. Ndiyo maana ukibofya kulia juu ya video kama hiyo, amri ya kuihifadhi mara nyingi imefifia na haibonyezeki. Ukihifadhi ukurasa mzima nao, utapata maandishi na picha, na mahali pa video patakuwa na ile namba iliyokwisha kufa.

Kujua uko upande gani si kazi ngumu. Acha kichupo chenye video kikiwa wazi, nakili anwani ya blob, ibandike kwenye kichupo kipya cha kivinjari hicho hicho. Kama ni furushi, litafunguka. Kama ni bomba, halifunguki. Chrome huandika `ERR_FILE_NOT_FOUND`. Ila kosa hilo hilo hutokea pia kama mtunzi wa ukurasa ameifuta namba baada ya kuitumia, jambo ambalo ni la kawaida kwa sababu furushi lisilofutwa huendelea kula kumbukumbu. Kwa hiyo usiishie hapo. Bonyeza F12, fungua sehemu iitwayo `Network`, pakia ukurasa upya na uicheze video. Kama mistari mipya inazidi kuongezeka kadiri video inavyosonga, kila mmoja ukiwa na jina linaloishia `.ts` au `.m4s`, unalitazama bomba likijazwa.

Tulifanya hivyo na aliyetuandikia, tukiwa kwenye simu na yeye akiwa mbele ya kompyuta yake. Mistari ilianza kumiminika. Juu yake, karibu na mwanzo, palikuwa na faili moja dogo la `.m3u8`. Alipolifungua alishangaa kwamba ni maandishi matupu:

```
#EXTM3U
#EXT-X-TARGETDURATION:6
#EXTINF:6.000,
kipande_001.ts
#EXTINF:6.000,
kipande_002.ts
```

Hiyo ni orodha ya vipande. Kila kipande kina sekunde 6, na somo lake lilikuwa la dakika 20, yaani sekunde 1,200. Orodha iliendelea hadi `kipande_200.ts`. Video aliyoihangaikia tangu jana, kwenye seva ilikuwa mafaili 200, na hakuna hata moja kati yake lenye neno blob. Anwani zake zote ni za https za kawaida kabisa. Kwake sauti na picha zilikuwa pamoja. Kwenye tovuti nyingine husafiri mbalimbali, ndiyo maana mtu akinasa kipande kimoja kwa mkono hupata picha isiyo na sauti, au sauti peke yake, ya sekunde chache.

Kama video ni yako, au mwenye nayo amekuruhusu, orodha hiyo ndiyo ya kuanzia. Programu ya bure ya `ffmpeg` huisoma, huchukua vipande kwa mpangilio na kuviunga kuwa faili moja:

```
ffmpeg -i "https://mafunzo.example/somo/orodha.m3u8" -c copy somo.mp4
```

Ile `-c copy` maana yake ni kuunga bila kusindika upya, hivyo ubora haupungui na kazi huisha haraka. Lakini kwa bwana huyu ilirudi na `403 Forbidden`. Seva ilikuwa inawapa vipande walioingia kwa akaunti tu, na `ffmpeg` iliyoanzishwa pembeni haikuwa na kitambulisho alichopewa kivinjari chake alipoingia. Tovuti nyingine hufunga vipande vyenyewe kwa ulinzi wa hakimiliki unaofunguliwa ndani ya kivinjari peke yake, na hapo hata ukivipata vyote 200 havichezeki. Huo ulinzi ni jambo jingine, tusiuchanganye na blob. Anwani ya blob haifichi wala haifungi chochote. Imetokea tu kwamba tovuti zenye ulinzi nazo hutumia bomba. Hatukuendelea kusukumana na ile 403. Tulimwambia amwandikie mwalimu wa somo, ambaye alikuwa na faili la awali, na mwalimu akamtumia siku ile ile.

Upande wa furushi ni mwepesi zaidi, ila una mtego wake, na huo huwanasa watu wenye nyaraka kuliko wenye video. Mifumo mingi ya maombi na malipo hutengeneza stakabadhi ya PDF kisha kuifungua kwenye kichupo kipya chenye anwani ya blob. Mtu anaiona, anaridhika, anahifadhi anwani kwenye alamisho ili aichapishe kesho. Kesho anakuta `ERR_FILE_NOT_FOUND`. Furushi huishi kadiri ukurasa uliolizaa unavyoishi: ukifunga ukurasa ule wa mfumo, au ukiupakia upya, namba inafutwa hata kama kichupo cha PDF bado kinaonyesha stakabadhi vizuri. Kinachoonekana pale ni nakala iliyokwisha kuchorwa. Ukibonyeza F5 juu yake, inapotea mbele ya macho yako.

Kwa hiyo PDF ya namna hii ihifadhi ikiwa bado mbele yako, kwa kitufe cha kupakua kilicho juu ya hati, kabla hujagusa ule ukurasa wa mwanzo. Mara nyingi itashuka ikiwa na jina la ile namba ndefu. Libadilishe wakati huo huo, kwa kuwa wiki ijayo hutaikumbuka kati ya mafaili mengine ya aina yake. Kitufe kikigoma kwa sababu namba imeshafutwa, usipakie upya. Fungua dirisha la kuchapisha na mahali pa kuchagua printa uchague kuhifadhi kama PDF. Amri hiyo huchukua kile kilichochorwa tayari kwenye skrini, wala haiulizi kama namba ingali hai.