Asilimia 3 kwa mwezi: utalipa ngapi hasa?

"Riba yenu ni asilimia 3 kwa mwezi. Nikipunguza deni, na riba si inapungua?"

Hapana, kwa mkopo huu haipungui. Tunatoza riba bapa, yaani inapigwa kwenye kiasi ulichokopa mwanzo hadi rejesho la mwisho.

Chukua mkopo wa sh. 600,000 kwa miezi 6. Riba ya mwezi ni sh. 18,000, na mwezi wa sita bado ni sh. 18,000, ingawa deni la msingi limebaki sh. 100,000 tu. Rejesho ni sh. 118,000 kila mwezi. Jumla ya riba ni sh. 108,000. Kwa riba inayoshuka na salio, kwa asilimia ileile, ungelipa sh. 63,000. Kwa hiyo usilinganishe asilimia peke yake unapozunguka kwa wakopeshaji.

Kuna makato pia, na hapo ndipo wengi hushtuka dirishani. Ada ya fomu ni sh. 12,000 na bima ya mkopo sh. 6,000, zote zinakatwa kabla hujapokea. Mkononi utapata sh. 582,000, lakini utarudisha sh. 708,000. Gharama yako yote ni sh. 126,000.

Kama biashara yako haibakizi sh. 118,000 kwa mwezi baada ya kodi ya fremu na chakula cha nyumbani, tafadhali omba kiasi kidogo zaidi. Na kabla ya kusaini, dai jedwali la marejesho lililoandikwa; ni haki yako.