Krimu ya Ukeni Haifiki Nyongani

"Daktari, si napaka ile krimu ya estrojeni ukeni? Basi na mifupa nayo itapata humo humo." Kauli hii haipungui kliniki. Wapinzani wake ni wale wanaoificha krimu kabatini kwa sababu jirani kasema homoni zinaleta kansa. Makundi haya mawili hayapatani, lakini kosa lao ni lile lile: wote wanaamini kinachowekwa ukeni husambaa mwili mzima.

Chanzo cha ukavu wa uke na cha mifupa kudhoofika ni kimoja kweli. Hedhi ikishakoma, yaani miezi 12 mfululizo bila damu, homoni ya estrojeni inashuka. Ngozi ya ukeni inakuwa nyembamba, bakteria walinzi wanapungua, pH inapanda kupita 5, na mama anaanza kuwashwa, kuungua akikojoa na kuumia kwenye tendo la ndoa. Ndani ya mfupa, seli zinazobomoa zinakosa wa kuzizuia, zikawazidi kasi wenzao wanaojenga. Kwa hiyo ugonjwa unaingia kwa mlango mmoja. Dawa ndizo zinazopita milango tofauti.

Tupige hesabu. Kidonge cha ukeni cha estradioli, ambayo ni aina ya estrojeni, kina mikrogramu 10. Unaweka kimoja kila usiku kwa wiki 2, halafu viwili kwa wiki. Mwaka wa kwanza ni vidonge 14 na vingine kama 100, jumla 114, sawa na miligramu 1.14. Kidonge cha kumeza cha estradioli huwa na miligramu 1, na hicho ni cha siku moja tu. Yaani dawa ya ukeni ya mwaka mzima inazidi kidogo tu dozi ya siku moja ya kumeza! Ndiyo maana kwa dozi hii ndogo kiwango cha estrojeni kwenye damu hubaki kile cha mwanamke aliyekoma hedhi. Mfupa wa nyonga haupati habari kwamba umepaka kitu.

Hesabu hiyo hiyo inamjibu yule anayeificha krimu kabatini. Karatasi iliyomo kwenye boksi mara nyingi imebeba maonyo ya vidonge vya kumeza, na ndiyo inayowatisha watu. Tahadhari za kweli ni mbili. Aliyeugua kansa ya titi, hasa anayemeza dawa za kuzuia estrojeni, aanze na tiba zisizo na homoni na daktari wake wa kansa ahusishwe. Na damu yoyote baada ya kukoma hedhi, hata tone moja kwenye chupi, ichunguzwe kwanza shingo ya kizazi na kizazi chenyewe. Msiisingizie ukavu.

Na hii yutiai isiyoisha! Mama anaungua, anapewa antibayotiki, anapata nafuu siku tatu, inarudi, anabadilishiwa nyingine. Mkojo haujaoteshwa maabara kutafuta bakteria hata mara moja. Ukioteshwa ukakosa bakteria, angalieni ukeni: ngozi iliyopauka, laini kama karatasi, inayotoka damu ikiguswa na kifaa. Huyo dozi ya tano ya antibayotiki itamletea fangasi tu. Sabuni, maji ya chumvi na limao navyo viachwe. Vinachubua ngozi ambayo tayari imechoka.

Asiyetaka homoni ana njia mbili ambazo watu huzichanganya. Kilainishi ni cha wakati wa tendo, kinaisha hapo hapo. Jeli ya unyevu inawekwa ndani ya uke mara 2 au 3 kwa wiki, iwepo tendo au lisiwepo. Mafuta ya nazi yanasaidia baadhi ya wanawake, ila yanaharibu kondomu za mpira. Hapa nikiri jambo: mwaka 2018 utafiti wa Marekani wa wanawake 302 ulilinganisha kwa wiki 12 kidonge cha mikrogramu 10, jeli ya unyevu, na dawa bandia. Dalili zilipungua kwa kiasi kinachokaribiana kwa wote. Bado naandika estrojeni ya ukeni pale ngozi imechakaa sana au yutiai za kweli zinajirudia, lakini kwa ukavu wa kawaida sina ujasiri wa kumwambia mtu jeli ni dawa ya daraja la pili.

Sasa mifupa. Kwenye mahema ya upimaji kuna mashine ya kushika fimbo ya chuma mkononi, inatoa kurasa kumi za majibu. Hiyo haipimi mfupa, tuiache. Ya kisigino, inayotumia mawimbi ya sauti, inapima kitu kweli, lakini mizani ya -2.5 tunayotumia kutambua osteoporosisi, yaani mifupa iliyodhoofika, haikutengenezwa kwa ajili yake. Kipimo chenyewe ni DXA: unalala dakika chache, mionzi kidogo sana, na kinapima nyonga na pingili za kiuno. Kabla ya kupanda basi kukifuata, piga simu uulize kama mashine inafanya kazi. Siku hiyo usimeze kalsiamu. Kidonge kisichoyeyuka kinaweza kuonekana kama mfupa.

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 59, kilo 49, anayeanika dagaa mwaloni Kirumba, hedhi ilikoma akiwa na 43. Karatasi yake inasoma hivi. L1 hadi L4 ni pingili za kiuno, femoral neck ni shingo ya fupa la paja, na T-score ni namba inayolinganisha mfupa wake na wa mwanamke kijana:

```
L1  T-score -2.3
L2  T-score -2.1
L3  T-score -0.4
L4  T-score -0.2
Femoral neck  T-score -2.6
```

Msomaji wa haraka anaona wastani wa mgongo kama -1.2, anamwambia "umepungua kidogo tu". Amekosea mara mbili. Pingili za jirani hazitofautiani hivyo bila sababu: L3 na L4 zimeota vinundu vya uzee, na mashine inavihesabu kama mfupa mzuri. Ziondoe, mgongo unabaki na -2.2. Halafu shingo ya fupa la paja ni -2.6, na tunafuata namba iliyo chini kuliko zote. Kuanzia -2.5 kushuka ni osteoporosisi. Huyu anatibiwa, na krimu anayopaka aendelee nayo kwa ajili ya uke wake.

Shaka yangu iko kwenye mizani yenyewe. Namba za nyonga hulinganishwa na wasichana weupe wa Marekani, na wanawake wengi wanaovunjika mifupa wana namba bora kuliko -2.5. Kwa hiyo mama aliyeanguka akiwa amesimama tu akavunja nyonga, au aliyepungua urefu sentimita 4 tangu ujana, simwachi kwa sababu karatasi inasema -2.0. Prednisoloni ya miezi mitatu au zaidi na ARV zenye tenofovir disoproksili ziulizwe pia, maana nazo hupunguza mfupa.

Dawa ya kawaida ni alendroneti miligramu 70, mara moja kwa wiki. Figo zipimwe kabla. Inaharibika kwenye kumeza: asubuhi kabla ya chochote, glasi nzima ya maji matupu, kisha nusu saa umekaa wima au umesimama bila kula. Chai ya maziwa inaizuia isiingie mwilini. Ukirudi kitandani inapanda kooni na kuunguza, halafu mtu anaacha akisema dawa ni kali. Kalsiamu ingoje chakula cha mchana. Dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao wanaiongeza vizuri. Minofu ya sangara haina mifupa, haisaidii sana. Kipimo kirudiwe baada ya kama miaka 2, kwenye mashine ile ile, maana tofauti kati ya mashine mbili inaweza kuzidi mabadiliko yote ya mfupa wako.