Lenta yako imefungwa konani au imelala tu?

Jamani wenye kujenga Lindi na Mtwara, leo naomba tuongelee kona ya lenta, kona tu, manake kila msimu wa mvua ofisini kwetu tunaitwa kuangalia nyumba zilizopasuka, na nyingi lenta ipo, nondo zipo, simenti imewekwa ya kutosha kabisa, ila kona imeachia.

Mwaka huu tulienda nyumba moja Naliendele, ya tofali za bloku inchi 6, mama mwenye nyumba akatuonyesha ufa umesimama wima kwenye kona ya chumba cha mwisho, chini unaingia ukucha kwa shida, juu karibu na lenta kidole kinaingia. Akasema, "Mwanangu, fundi aliniambia ni plasta tu." Sio plasta. Ufa wa plasta ni mwembamba kama unywele, unatambaa huku na huku, na ukiugonga unasikia plasta imeachia ukuta. Huu ulikuwa umekata tofali na lenta yenyewe, na kuwa mpana juu kuliko chini ni kwamba kuta mbili zinaachana, kona inainamia nje.

Tukabomoa zege kidogo pale kwenye lenta. Nondo za ukuta wa mbele zimefika konani zikakatwa, na za ukuta wa pembeni nazo zimefika zikakatwa, zimelazwa juu ya wenzake kama kuni, zimefungwa na waya. Ukiangalia kwa mbali unaona lenta imezunguka nyumba nzima, kumbe ni vipande vinne vya zege vinavyogusana tu.

Sasa kwa nini kona ndio iwe shida. Ardhi ikitikisika kwenda mashariki na magharibi, kuta zilizolala mwelekeo huo zina nguvu, ni kama kusukuma ubao kwa ncha. Zile mbili zingine zinasukumwa kifuani, na ukuta wa bloku ukisukumwa kifuani unadondoka kirahisi sana. Kitu pekee kinachouzuia ni wale wenzake wenye nguvu kuushika, na pa kushikana ni konani. Ndio maana tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, ukubwa wa 5.9, liliangusha nyumba nyingi Bukoba za tofali ambazo kuta zake hazikufungwa pamoja. Na sisi pwani tusijione tuko mbali, tarehe 12 Agosti 2020 usiku lilipiga la 6.0 baharini, kusini mashariki ya Dar, watu wakatoka nje.

Wazee wetu wa nyumba za miti na udongo hili walilijua vizuri. Fito za upande huu na fito za upande ule zote zinafungwa kwenye nguzo ileile ya kona, hakuna fito inayoachwa inaning'inia. Lenta ni hivohivo, ila nondo ina masharti yake.

Chukua lenta ya kawaida, nondo 4 za milimita 12, mbili upande wa nje wa ukuta, mbili upande wa ndani. Zile za nje zinapinda konani na kuendelea kwenye ukuta wa pili, na pale zinapopishana na nondo ya ukuta huo zipishane sentimita 60, yani mara 50 ya unene wa nondo. Zile za ndani ndio wengi wanakosea, hata fundi mzuri, wanazipinda zifuate kona ya ndani kama zile za nje. Usikubali. Kona ikivutwa ifunguke, nondo iliyopinda kwa ndani inataka kunyooka na ikinyooka inabandua zege, kama kamba uliyoipitisha kwenye kona ya meza halafu ukaivuta. Nondo ya ndani inatakiwa ipite moja kwa moja mpaka ifike upande wa nje wa kona, ndio ipindwe pale na kulala sentimita 60 pamoja na nondo ya nje.

Ringi nazo, katikati ya ukuta sentimita 20 inatosha, ila sentimita 60 za kwanza kutoka konani kila upande weka kila sentimita 10. Ncha za ringi zipindwe ziingie ndani kwenye zege, sio zibaki zimelala pembeni, manake zikilala pembeni zege ikibanduka tu ringi inafunguka.

Gharama? Nyumba ya mita 10 kwa 8, kuta za nje tu, mzunguko ni mita 36, nondo 4 ni mita 144, yani nondo 12 za mita 12. Kona zote nne ukizifunga hivi hata kama za nje unatumia vipande vya kupinda, kila kona inakula mita 4.8 za ziada, jumla mita 19 na kidogo, nondo 2 hazifiki. Tofauti ya nyumba inayoshikana na isiyoshikana ni nondo mbili na mchana mmoja wa fundi. Na ukuta wa ndani unapokutana na wa nje, nondo zake ziingie mpaka upande wa nje zikapindwe vilevile.

Kona ikiwa na nguzo ni bora zaidi, nondo zake zitoke kwenye msingi mpaka ndani ya lenta, na jenga tofali kwanza ukiacha meno, moja imetokeza moja imerudi, halafu zege ya nguzo imiminwe iingie kwenye meno. Na kwa sisi wa pwani, mchanga wa ufukweni usiuguse, chumvi inakula nondo kutoka ndani, lenta inapasuka kwa urefu bila tetemeko wala nini. Nondo ifunikwe na zege sentimita 3 mpaka 4 kila upande, weka vile vipande vidogo vya zege chini yake isilale kwenye mbao.

Niseme ukweli, lenta haizuii ardhi kuzama. Kama kiwanja ni udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba mvua zikianza na kupasuka kiangazi, au ni kifusi, unahitaji mkanda mwingine wa nondo chini juu ya msingi, na kona zake zifungwe hivihivi. Nyumba ya yule mama kona ilikaa kwenye kifusi na maji ya bati yote yalikuwa yanaangukia palepale.

Tulichomshauri ni aanze na maji, gata na mfereji wa kuyapeleka mbali na kona. Halafu fundi ategemeze kenchi kwa miti, avunje zege ya lenta sentimita 80 kila upande bila kukata nondo, aingize nondo za kupinda na ringi za karibu, amimine upya na kumwagilia siku 7. Kwenye ukuta tukachora mistari ya penseli ikikatiza ufa juu, kati na chini, tukaandika upana na tarehe, na mvua zikikatika Mei tutarudi kupima tena palepale.