Kope limeshuka, mboni ndogo, halafu mnaniandikia "kiharusi"

Wiki hii tena nimeletewa mgonjwa na barua yake: "kiharusi kidogo, jicho la kushoto limelegea". Jamani! Kiharusi kinaweza kuleta jicho la namna hii, sikatai, ila hakiji peke yake, kinakuja na kizunguzungu, kumeza kwa shida, sauti kukwaruza. Huyu baba anauza dagaa pale Mwaloni Kirumba, kaingia kwa miguu yake, anapiga stori, jicho analifumba vizuri tu. Na kwa wale wa "amepigwa na upepo": uso ukipooza jicho linashindwa kufumba, kope halishuki. Hii ni sindromu ya Horner, neva za simpathetiki za upande mmoja zimeharibika njiani.

Kwanza kope lenyewe. Lilikuwa limeshuka kama milimita 2, basi. Kope la juu lina msuli mkubwa unaoinyanyua, huo unatumia neva ya tatu, halafu kuna kamsuli kadogo ka Müller kanakosaidia tu, na haka ndiko kanakotegemea simpathetiki. Kakifa, kope linashuka kidogo, halifungi jicho. Mkiona kope limefunika jicho kabisa na mboni ni kubwa, hiyo ni neva ya tatu, ni habari nyingine na ni ya haraka.

Sasa mboni, hapa ndipo mnaponichosha. Barua ilisema "mboni ya kulia imepanuka", yaani mmechagua jicho zima mkaliita bovu! Zimeni taa. Fungeni pazia, mulikeni tochi ya simu kwa chini kidogo, angalieni macho yote mawili kwa pamoja. Kwenye giza mboni nzima inafunguka fasta, ya upande mgonjwa inajivuta, sekunde 5 za mwanzo tofauti inaonekana kubwa, ukisubiri mpaka sekunde 15 inapungua. Tofauti ikizidi gizani, mbovu ni ile ndogo. Ikizidi kwenye mwanga, mbovu ni ile kubwa. Mkipima mchana dirishani na jua letu hili la Mwanza, mboni zote zimebana, mtaona nini?

Haya, tatizo liko wapi? Njia ya neva hizi za simpathetiki, zinazosaidia kope, kupanua mboni na kutoa jasho la uso, ni ndefu kuliko mnavyodhani. Inaanzia haipothalamasi, inashuka kwenye shina la ubongo mpaka uti wa mgongo, chini ya shingo pale, inatoka, inapita juu ya ncha ya pafu, inapanda shingoni mpaka karibu na kona ya taya, halafu inajizungushia ateri ya karotidi ya ndani na kuingia nayo kichwani mpaka jichoni. Kote huko haivuki upande, jicho la kushoto tafuta kushoto.

Jasho ndilo linalosaidia kugawa. Neva za jasho la uso nyingi zinaachana na wenzake pale kwenye taya, zinafuata karotidi ya nje. Kwa hiyo njia ikikatika chini ya hapo, nusu ya uso inakauka, ikikatika juu ya hapo uso unatoka jasho kama kawaida, labda kasehemu ka paji la uso tu. Mke wake ndiye aliyeniambia bila kuulizwa: saa saba mchana wakigeuza dagaa, upande wa kulia wa uso unatiririka, kushoto pakavu kama mtu aliyeshinda ndani.

Basi ni chini ya taya. Halafu bega la kushoto linamuuma miezi, maumivu yanashuka mkono kwa ndani mpaka kidole cha mwisho, amemeza diklofenaki mpaka tumbo limegoma. Nikamwambia atanue vidole, nyama kati ya vidole imekwisha, na hiyo ndiyo waliyoiita "mkono wa kiharusi". Anavuta sigara tangu ujana. Nikaomba eksirei ya kifua na nikaandika kabisa waangalie ncha ya pafu la kushoto, maana pale juu mtulinga na mbavu zinaficha vitu. Kulikuwa na weupe. TB nayo hupenda huko juu, ndiyo maana hatukukisia, siti skani ikafuata, kinyama kikachukuliwa, majibu yakaja saratani ya pafu.

Ila jasho lenyewe nisilisifie sana. Chumba kikiwa na feni huoni kitu, na wagonjwa wengi hawajawahi kujiangalia. Kuna matone ya apraklonidini, mboni ndogo ikipanuka na kope likanyanyuka jibu umepata, lakini tatizo likiwa la siku mbili tatu yanaweza kukudanganya kwa sababu msuli bado haujazoea kukosa neva yake. Na wapo ambao tunapima kila kitu na chanzo hakionekani.

Mmoja tu msimpangie tarehe: jicho hili limeanza ghafla na shingo au upande wa uso unauma, hasa kama juzi alianguka na bodaboda. Huyo ukuta wa karotidi unaweza kuwa umechanika na damu ikaganda ikapanda kichwani, kiharusi hapo ndiyo kinakuja. Apigwe picha za mishipa ya shingo siku hiyo hiyo, hata kama ni Jumapili.