Michoro mitano dhidi ya miwili: kwa nini fenoli inashindwa na asidi kaboksili

Swali hili hunijia kila mwaka, na huulizwa na mwanafunzi aliyesoma, si mvivu. Ayoni ya fenoksaidi, inayobaki fenoli ikipoteza protoni, ina michoro mitano ya rezonansi, yaani namna tano za kuonyesha chaji ilipo; ya kaboksileti, inayobaki asidi kaboksili ikipoteza protoni, ina miwili tu. Tumefundishwa kwamba chaji ikisambaa zaidi, ayoni inatulia zaidi, na besi mwenza ikitulia, asidi yake ni kali zaidi. Basi fenoli ingepaswa kuipita asidi kaboksili kama asidi benzoiki. Mbona inaachwa nyuma?

Na inaachwa mbali. pKa ni kipimo cha ukali wa asidi, na ikiwa ndogo asidi ni kali zaidi: ya asidi benzoiki ni 4.2, ya fenoli ni 10, ya ethanoli ni karibu 16. Kila hatua moja ya pKa ni mara kumi, kwa hiyo kati ya asidi benzoiki na fenoli kuna pengo la zaidi ya mara laki sita.

Jibu ni kwamba michoro haihesabiwi, inapimwa. Chukua kaboksileti. Michoro yake miwili inafanana kabisa: chaji hasi iko kwenye oksijeni hii, au kwenye ile. Oksijeni ni atomu inayopenda elektroni, kwa hiyo hakuna mchoro ulio dhaifu kuliko mwenzake, na kila oksijeni inabeba nusu ya mzigo. Hili linaonekana kwenye vipimo. Katika asidi fomiki, kifungo kimoja cha kaboni na oksijeni kina urefu wa takriban pikomita 120 na kingine 134. Protoni ikiondoka, vyote viwili vinakuwa karibu 127. Huwezi tena kusema kipi ni cha maradufu na kipi ni cha moja.

Sasa tazama fenoksaidi. Katika michoro mitano, miwili inaiacha chaji pale pale kwenye oksijeni. Pete tu ndiyo inayobadilisha mpangilio wa vifungo. Mitatu iliyobaki inaipeleka chaji kwenye kaboni: mbili za jirani na ile ya upande wa pili wa pete. Kaboni haina hamu ya elektroni kama oksijeni, na kila mchoro wa aina hiyo unavunja utulivu wa pete ya benzini. Kwa hiyo michango yake ni midogo, na sehemu kubwa ya mzigo inabaki kwa oksijeni moja. Ni msaada, lakini ni wa kuazima. Ethoksaidi ya ethanoli haina hata huo: chaji imekwama mahali pamoja, na kundi la ethili halina pa kuipeleka. (Kaboksileti ina faida nyingine pia, kwani kaboni yake iliyofungwa kwa oksijeni mbili huvuta elektroni. Sitamwachia rezonansi sifa zote.)

Tofauti hii unaweza kuiona kwenye neli ya majaribio. Tia sodiamu haidrojeni kaboneti, NaHCO₃, kwenye asidi benzoiki, na viputo vya kaboni dayoksaidi vinatoka. Asidi ya kaboniki ina pKa ya 6.35, kwa hiyo namba thabiti ya msawazo ni 10 kwa kipeo cha 6.35 − 4.2, yaani karibu 140 kwa upande wetu. Kwa fenoli ni 6.35 − 10: sehemu moja kati ya 4,500 hivi. Hakuna kiputo. Angalia viputo, usiangalie kama kitu kimeyeyuka, maana fenoli huyeyuka kiasi hata kwenye maji matupu.

Ukibadili besi na kutumia sodiamu haidroksaidi, fenoli inasalimu amri: msawazo unafika 10,000. Ethanoli inabaki kwenye 0.01. Ndiyo maana ukiwa na mchanganyiko wa asidi benzoiki, fenoli na sikloheksanoli ndani ya etha, unaanza na haidrojeni kaboneti, unatoa tabaka la maji lenye benzoeti, ndipo unaleta haidroksaidi kuchukua fenoli. Sikloheksanoli inabaki kwenye etha. Mwaka wangu wa pili nilianza na haidroksaidi. Asidi na fenoli zikahamia majini pamoja, nikakaa nusu siku nikizitenganisha upya. Na usisahau kufungua bomba la faneli mara kwa mara unapotikisa na haidrojeni kaboneti, gesi ina nguvu.

Kipimo hiki kina mpaka, na mpaka wenyewe unathibitisha hoja. Ukiweka kundi la nitro upande wa pili wa pete, kaboni iliyokuwa ikilazimishwa kubeba chaji sasa inaikabidhi kwa oksijeni za nitro. pKa inashuka hadi 7.15, na katika haidrojeni kaboneti myeyusho unageuka njano. Ukiisogeza nitro hatua moja, pale ambapo michoro haipeleki chaji, inabaki 8.4, ikisaidiwa na mvuto tu. Ukiziweka nitro tatu, kwenye kaboni zote tatu zinazobeba chaji, unapata asidi pikriki yenye pKa ya takriban 0.4, fenoli inayotoa viputo kuliko asidi benzoiki yenyewe. Kwa hiyo ukiona viputo, chunguza kwanza kama sampuli yako ina nitro kabla hujaandika kwamba ni asidi kaboksili.